Lipa Bili Mezani kwa QR: Kuona Bili, Kuongeza Bakshishi na Kulipa Bila Kumwita Weita

Hamjambo, karibuni. Leo niko Mombasa, ndani ya mkahawa, na mbele yangu kuna kile kibao mnachokiona siku hizi juu ya meza nyingi, kile chenye mraba wa vidoti vyeusi na vyeupe. Mimi vibao hivi nawatengenezea watu, nakwambia mapema usije ukasema nilikuficha. Lakini leo tunafuata njia ya mteja. Umekula, umeshiba, unataka kuondoka, na weita ana meza nane.

Toa simu, fungua kamera, ielekeze kwenye kibao, bonyeza kiungo kinachotokea. Hapo sina la kukueleza, unajua.

Subiri... haishiki. Mnaona? Taa ya juu inamulika plastiki, katikati ya QR pamekuwa peupe. Inamisha simu kidogo, usisogee karibu. Haya, imeshika. QR inaweza kusomeka hata ikichafuka kidogo, kwa sababu imeundwa na akiba ndani yake. Ukichapisha kwa kiwango cha juu kabisa cha akiba hiyo, kama asilimia 30 ya alama inaweza kuharibika na bado ikasomeka. Lakini mwanga unaomeremeta unaweza kufunika zaidi ya hapo. Ndiyo maana vibao vyangu havina mng'ao. Sawa, tangazo limekwisha, tuendelee.

Kabla hujabonyeza kiungo, soma jina la tovuti linaloonekana pale chini. Na pitisha ukucha ukingoni mwa QR. Ukikuta ni stika iliyobandikwa juu ya stika nyingine, usilipe, ita mtu wa kaunta aje aione. Mwizi hana haja ya kuvunja mfumo wowote wakati anaweza kubandika karatasi yake juu ya yako.

Halafu jua umeskani nini, maana kuna QR za aina tatu na kwa macho zote zinafanana. Ya kwanza inakufungulia menyu tu. Ya pili ni ya namba ya tili: inajua duka, haijui ulichokula, kiasi unaandika mwenyewe. Ya tatu ndiyo hii ya leo: inaijua meza. Ndani ya vile vidoti hakuna bili. Kuna anwani ya tovuti na alama ya meza, basi. Ukiifungua, tovuti inaiuliza mashine ya kaunta, ile weita anayoingizia oda: meza hii ina bili gani iliyo wazi sasa hivi? Ndiyo maana kibao hakibadilishwi, lakini kila mteja anaona bili yake.

Kwa wenye mikahawa, neno moja hapa. Msikubali kutengenezewa kiungo cha namna ya kwanza, chukueni cha pili:

```
https://mkahawa.example/meza/7
https://mkahawa.example/m/k4Tq9zXw
```

Cha kwanza, mtoto yeyote atabadilisha 7 aweke 8 aangalie jirani anakula nini. Cha pili hakiwezi kukisiwa.

Bili imefunguka. Kitu cha kwanza, kabla ya chakula, angalia juu: meza namba ngapi? Yangu inasema 7, na kibao kimeandikwa 7. Vizuri. Kama mlikaa meza moja mkahamia nyingine yenye upepo, weita alipaswa kuhamisha bili kwenye mashine. Asipohamisha, unaskani meza mpya unakuta bili tupu, au mbaya zaidi, bili ya walioondoka. Vilevile meza mbili zikiunganishwa, kibao kimoja ndicho chenye bili. Ukiona vyakula usivyovijua, usilipe kwa huruma.

Sasa soma mstari kwa mstari. Biriani ya kuku mbili, 650 kila moja, 1,300. Mishkaki sahani moja, 480. Viazi karai 200. Juisi ya ukwaju tatu, 190... ngoja, tatu? Sisi tuko wawili, na mwenzangu aliyeshika kamera anatikisa kichwa, na picha inatikisika naye. Jumla inasoma 2,550.

Hili sikulipanga, lakini limekuja vizuri. Tafuta kitufe cha kufuta juisi hapa. Hakipo, na hakitakiwi kuwepo, vinginevyo kila mtu angefuta biriani. Kitu kilichokwisha kuingizwa kinaondolewa upande wa kaunta, mara nyingi kwa idhini ya msimamizi, na kinabaki kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo pale tuliposema bila weita, hapa weita anahitajika. Nimemwita, amecheka, anasema juisi ni ya meza 9. Navuta ukurasa chini ili ujipakie upya... 2,360. Barabara.

Tazama chini ya jumla. Bei za menyu hapa zina kodi ndani, na bili inazichambua: 2,000 ni chakula chenyewe, VAT asilimia 16 ni 320, na tozo ya utalii ya asilimia 2 ni 40. Kumbuka ile 2,000, tunaihitaji sasa hivi.

Bakshishi. Hapa kuna vitufe vya asilimia 5, 10 na 15, na kuna pa kuandika kiasi chako. Bonyeza 10 uone. Inaniletea 236. Maana yake mfumo huu unahesabu juu ya jumla yote, kodi ikiwemo. Ukihesabu juu ya chakula peke yake, asilimia 10 ni 200. Tofauti ni shilingi 36, si pesa ya kugombania, lakini mimi sipendi kumpa bakshishi mkusanya kodi. Naandika mwenyewe 200. Angalia pia kama juu kuna mstari wa ada ya huduma. Ikiwepo, umeshatozwa kitu, na kuongeza ni hiari yako. Na kitufe cha kutoweka bakshishi mara nyingi kipo, ila kimeandikwa kwa herufi za kijivu chini kabisa.

Je, inamfikia weita? Muulize kabla hujalipa, si baada. Katika mfumo kama huu, pesa yote inaingia kwenye tili moja ya mwenye mkahawa, kisha ripoti ya jioni inaonyesha bakshishi kando na weita aliyefungua bili. Kumgawia ni uamuzi wa tajiri. Weita akikwambia hapati, weka sifuri hapa na umpe noti mkononi.

Kama mnagawana, kuna njia mbili: kugawa sawa, ambapo kila mmoja wetu angelipa 1,180, au kuchagua vyako. Mwenzangu akichagua biriani moja na juisi moja analipa 840, mimi nabaki na 1,520. Aanze mmoja, amalize, ndipo mwingine apakie ukurasa upya. Leo nalipa yote, yeye kashika kamera.

Jumla 2,560. Naandika namba yangu ya M-Pesa. Sasa nisikilizeni, na hata kama ulikuwa unaruka mbele, rudi hapa. Kitufe cha Lipa kinabonyezwa mara moja. Mara moja. Ukishabonyeza, tovuti inaiomba Safaricom ikuletee kidirisha cha M-Pesa kwenye simu, kile kinachodai namba ya siri. Kidirisha kinakuja kwa mtandao wa simu, si kwa intaneti. Unaweza kuwa na Wi-Fi nzuri ya mkahawa na laini yako isishike, ukakaa unangoja.

Nabonyeza... Kimya. Bado. Mnaona kidole changu kinavyowasha? Hapo ndipo watu wanaharibu. Wanabonyeza tena, na tena. Ombi la kwanza likiwa bado hai, la pili linakataliwa, na hilo ndilo afadhali. Hatari ni lile la kwanza kupita kimyakimya, ukurasa ukachelewa kupata habari, ukabonyeza tena na ukaweka namba ya siri tena. Umelipa biriani nne na kula mbili. Usibonyeze tena.

Haya, kidirisha hiki hapa. Kabla ya namba ya siri, soma vitu viwili: kiasi, 2,560, na jina la biashara. Jina lisipolingana na mkahawa, uliza kaunta, kwani wengine wamesajili tili kwa jina la kampuni. Geuza kamera, mwanangu, usinichukue namba ya siri! ... Tayari.

Ukurasa bado unazunguka. Mimi siuangalii, naangalia ujumbe wa M-Pesa. Umeingia, una ile namba ya muamala ya herufi na tarakimu kumi mwanzoni. Ujumbe ukiingia, pesa imetoka, hata kama tovuti inaendelea kusema inasubiri. Kinachotokea ni kwamba Safaricom hupeleka jibu kwa seva ya mkahawa, na jibu likipotea njiani, seva inabaki gizani mpaka iulize yenyewe. Ukikwama hivyo, usilipe tena, nenda kaunta na ile namba ya muamala, waitafute kwenye tili yao waifunge bili kwa mkono. Na kinyume chake: dakika moja ikipita bila kidirisha wala ujumbe, angalia salio. Halijapungua na ukurasa umesema imeshindikana? Hapo, na hapo tu, jaribu upya.

Imebadilika, mnaona? Kijani, imelipwa, salio sifuri. Usifunge bado. Bonyeza risiti, ipakue, maana meza ikishafunguliwa kwa mteja mwingine, kibao hiki kitaonyesha bili yake na yako hutaiona tena hapa. Kama unadai kazini, hakikisha ni risiti ya kodi ya eTIMS, si ukurasa wa kijani tu.

Weita naye amepata taarifa kwenye mashine yake, anainua kidole gumba kule mlangoni. Kama mashine yake bado inaonyesha deni, muonyeshe ujumbe kabla hujatoka, msije mkakimbizana barabarani.

Wenye mikahawa mnaotaka vibao, nitumieni idadi ya meza na jina la mfumo wa kaunta mnaotumia. Hilo la pili ndilo muhimu, maana mfumo usiokubali kuulizwa bili kutoka nje siwezi kuuwekea kibao cha aina hii, nitawachapishia QR ya tili na mteja ataendelea kuandika kiasi mwenyewe.