Mwalimu akitaniwa usiku wa kufunga msimu

Assalamu alaykum, walimu wa timu na manahodha wa Unguja na Pemba.

Leo nazungumzia ile robo saa baada ya pilau, siku ya kufunga msimu, wachezaji wanaporuhusiwa kumtania mwalimu wao mbele yake. Wengi wanaichukulia kuwa ni burudani ya kushushia chakula. Mimi naona hapo ndipo timu inapompima mwalimu kama anaambilika, na jawabu wanalisoma usoni mwake kabla hajasema neno.

Tuchukue timu ya mfano, tuseme ya Wete. Nahodha ndiye mshereheshaji. Wiki moja kabla, alimwambia mwalimu kuwa utani utakuwepo, ila maneno yenyewe hakumpa. Amechagua wataniaji watatu, dakika tatu kila mmoja, na amewasikiliza kwanza. Hakuwachukua wote kutoka benchi, kwa sababu hapo maneno yote yangeelekea kwenye upangaji wa kikosi na utani ungegeuka mashitaka. Mwalimu anataniwa kwa anayoyafanya uwanjani: filimbi yake, saa yake, ubao wake, maneno anayoyarudia. Mwili wake, familia yake, fedha, dini na kwao haviguswi. Simu zinawekwa kando, maana kipande cha sekunde kumi kikiingia kwenye makundi ya Wasapu kitachekwa na watu wasiomjua mwalimu wala timu.

Anasimama kipa wa akiba, kofia ya mwalimu kichwani, filimbi shingoni. "Vijana, dakika tano za mwisho!" Anapuliza, anatazama saa, anazunguka. "Tano za mwisho!" Mara ya nne anaangalia jua linavyozama, Magharibi inakaribia kuingia, na bado ni tano za mwisho.

Sasa waangalieni wachezaji wadogo. Hawacheki kwanza. Macho yanakwenda kwa mwalimu.

Hizo sekunde mbili tatu ndizo zenye uzito, kwa sababu mwalimu ndiye mwenye orodha ya kikosi. Akisema, "Haya, tutaonana mazoezini," hata kama anatabasamu, kijana wa akiba amesikia kitisho. Akianza kujieleza kwamba alizidisha muda kwa sababu wachezaji hawakuwa na pumzi, tafrija imekuwa kikao. Na akichekea meno tu, utamjua kwa mtaniaji wa pili: atafupisha maneno yake, ataruka sehemu aliyoifanyia mazoezi, kisha ataanza kumsifu mwalimu. Sifa zikiingia katikati ya utani, jueni watu wameogopa.

Jawabu zuri ni fupi. Akubali, kisha ajiongezee mwenyewe: "Na siku ile ya mvua nilisema mara sita!" Akitaka kurudisha utani, amrudishie nahodha au mchezaji mkongwe, asimrudishie yule kipa, kwa sababu neno la mwenye madaraka linapomshukia mdogo haliwi mzaha tena.

Lakini asicheke kila kitu. Mtaniaji wa tatu akianza kuiga anavyochechemea, mwalimu aseme kwa utulivu, "Hilo liache, endelea na mengine," na ampe nafasi amalize. Hapo kikosi kizima kimeona kuwa mtu anaweza kukosea, akarekebishwa, na asiaibishwe. Naliona somo hili kubwa kuliko kicheko chenyewe.

Mwaka 1999 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichapisha utafiti wa timu 51 za kazi katika kampuni moja ya viwanda. Aliona kuwa pale watu wanapoamini hawatadhalilishwa kwa kusema, wanauliza zaidi, wanazungumza makosa yao, na timu inajifunza. Hakuwa akichunguza mpira, lakini beki anayejua kosa la ukuta wake na kunyamaza yuko katika hali hiyo hiyo.

Kwa hivyo usiku ule unakamilika kwenye mazoezi ya kwanza ya msimu mpya. Mwalimu wa Wete ampe saa msaidizi wake mbele ya wote: "Muda ukifika, piga kelele." Kelele ikipigwa, asimamishe kweli, hata kama zoezi halijamridhisha. Akiendelea, kile kicheko cha tafrija kimefutika. Akisimamisha, siku moja beki wa kulia atamfuata: "Mwalimu, tukitega ofsaidi mimi nachelewa kupanda, sauti ya kati hainifikii." Habari hiyo haionekani kutoka benchi.

Limebaki gumu moja. Tuseme yule kipa hayumo kwenye kikosi cha mechi ya kwanza, kwa sababu ya kiufundi kabisa. Wenzake watahesabu kuwa amelipishwa utani, na hakuna atakayeuliza. Mwalimu amwite pembeni kabla orodha haijasomwa, amtajie sababu kwa vitendo, kwa mfano kwamba anachelewa kutoka kwenye krosi, na amwambie ni zoezi gani wataanza nalo Jumatatu. Nahodha naye ajulishwe, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa kwenye gari.