Ukiulizwa habari za aliyekuwa mfanyakazi wako

Mhadhara kwa wenye hoteli, maduka na shule za binafsi, Mombasa

Mabibi na mabwana, hamjambo. Nimepewa sheria ya kazi nzima niizungumzie, lakini leo nitachukua kipande kimoja tu. Mfanyakazi wako aliondoka mwaka jana. Leo mtu usiyemjua anakupigia simu: "Fulani ameomba kazi kwetu, na wewe amekutaja kuwa mdhamini wake. Ni mtu wa namna gani?" Utamjibu nini?

Kwanza tutenganishe karatasi mbili ambazo watu huzichanganya. Hapa Kenya, kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakulazimisha kumpa cheti cha utumishi kila anayeondoka, isipokuwa aliyefanya kazi kwako chini ya wiki 4 mfululizo. Ndani yake kuna jina na anwani yako, jina lake, siku aliyoanza, kazi aliyofanya na mahali alipoifanyia, na siku aliyomaliza. Ukimnyima kwa makusudi, unaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kwa hiyo wale wanaokalia cheti cha mtu kwa sababu waligombana naye, wajue wanachokalia.

Karatasi ya pili ni maelezo ya tabia na utendaji wake. Hiyo kifungu hichohicho kinasema hulazimiki kuitoa. Unaweza kukataa. Ila ukishakubali kufungua mdomo, hapo ndipo mambo yanapoanza.

Kesi inayotajwa sana katika jambo hili ni ya Uingereza, Spring dhidi ya Guardian Assurance, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya huko, mwaka 1994. Mahakama zetu hazifungwi na hukumu hiyo, lakini huzipima hoja zake. Bwana Spring alikuwa akiuza bima. Alipoachishwa, akaomba kazi kampuni nyingine, na waajiri wake wa zamani wakaandika kwamba uadilifu wake ni mdogo au hana kabisa, na hawezi kuhesabiwa kuwa mtu mkweli. Kazi akaikosa. Mahakamani ikaonekana kwamba hakuwa mwizi wala mwongo. Kazi tu ndiyo hakuijua vizuri. Waandishi wa barua ile hawakumchukia, waliamini walichoandika. Kosa lao lilikuwa kutochunguza kabla ya kuandika, na Malodi wakasema anayeandika maelezo hayo ana wajibu wa uangalifu kwa yule anayeandikwa. Kwa hiyo ukisema "mimi nilisema kwa nia njema", hujajikinga.

Sasa tuchukue mfano wa kwetu, nimeutunga lakini wenye hoteli mtaujua. Mtunza stoo amefanya kazi miaka 4. Mwezi wake wa mwisho, hesabu ya mafuta ya kupikia ina upungufu. Funguo za stoo wanazo watu watatu. Meneja ananung'unika, jikoni wanapeana macho, na kabla hajaulizwa chochote, kijana anaandika barua ya kuacha kazi. Miezi miwili baadaye hoteli ya Diani inauliza: ni mwaminifu? Aliondoka kwa nini?

Hapo nataka mtoe faili, msitoe kumbukumbu. Kumbukumbu ya meneja imeshapikwa na maneno ya jikoni. Katika faili hakuna barua ya kumtaka ajieleze, hakuna kikao, hakuna uamuzi. Kuna onyo moja la kuchelewa, la mwaka wa pili, ambalo halikurudiwa. Basi mafuta yale hayaingii katika jibu lako, wala kwa fumbo. Nasema fumbo kwa sababu ndugu zangu tunalipenda: "Mimi sina la kusema juu yake, nyinyi ni watu wazima." Aliyesikia hivyo ameshaambiwa mwizi.

Badilisha mfano kidogo. Sema aliandikiwa barua ya tuhuma, akapangiwa siku ya kusikilizwa, naye akaacha kazi kabla ya siku hiyo. Hapa kunyamaza kabisa nako kunaweza kumpotosha anayeuliza. Katika kesi ya Bartholomew na halmashauri ya Hackney, London, mwaka 1999, mwajiri alieleza kwamba mtumishi aliondoka wakati ana shauri la nidhamu ambalo halijaisha, na mahakama ikaona barua haikumwonea. Barua si lazima iseme kila kitu. Inatakiwa iwe kweli, na ikisomwa nzima isimpe msomaji picha ya uongo. Wewe ungeandika hivi: "Aliacha kazi mwenyewe wakati shauri la nidhamu kuhusu upungufu wa stoo halijasikilizwa. Hakuna uamuzi uliotolewa." Usiongeze kwamba angefukuzwa. Hilo hulijui.

Na hali ya tatu: alisikilizwa kama kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinavyotaka, akaelezwa kosa kwa lugha anayoielewa, akawa na mfanyakazi mwenzake pembeni au mwakilishi wa chama, akajitetea, uamuzi ukatoka. Hapo sema kosa, sema uamuzi na tarehe, basi. Hadithi ya jinsi alivyolia kikaoni haimhusu mtu.

Wenye shule nisikilizeni zaidi. Mwalimu aliyethibitika kumdhuru mtoto, mkamwachia aondoke kimya na barua nzuri ili jina la shule lisichafuke, mmemhamisha kwa watoto wa wenzenu. Sifa za uongo zinaumiza sawasawa na shutuma za uongo, ila anayeumia hayupo pale mnapoandika, ndiyo maana hazituwashi.

Swali la "ungemwajiri tena?" mimi silipendi. Halina nafasi ya maelezo, na "hapana" inaweza kuwa na sababu kumi, moja ikiwa kwamba nafasi yenyewe haipo tena. Ama ujibu pamoja na sababu iliyomo kwenye faili, ama uweke utaratibu kwamba biashara yenu hailijibu kwa yeyote. Nimesisitiza kwa yeyote. Ukiwasifu kwa kurasa mbili unaowapenda, na usiowapenda ukawapa tarehe tu, wanaoajiri mjini hapa watakusoma upesi.

Kuhusu simu: usijibu papo hapo. Mwombe anayeuliza aandike kwa barua pepe ya kampuni yake, kisha uhakikishe kwamba kampuni ipo na mtu huyo yupo. Wako wanaopiga simu kumchunguza mchumba, na wako wadai wa madeni. Muulize pia mfanyakazi kama kweli alikutaja, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari zake kuwa ni data binafsi, na ridhaa yake ya maandishi inakupunguzia mabishano. Ugonjwa wake, ujauzito wake, kesi ya ndoa yake, hayo hayatoki hata kama yamo kwenye faili.

Jibu liandikwe na mtu mmoja aliyeteuliwa. Msimamizi wa zamu akitaka kumsifu mwenzake, aandike kwa jina lake, bila karatasi yenye nembo ya hoteli. Nakala ya ulichotuma iingie kwenye faili lile lile, na mimi huandika kila barua nikijua mwenyewe anaweza kuiomba aisome.

Nadhani mama pale nyuma ana swali. Karibu, mama.