Alikodoa au Alikukodolea?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, lakini ninalotaka kuwaeleza leo nililipata mwaloni na si darasani.

Asubuhi moja nilikuwa nimekwenda kununua dagaa. Mitumbwi ilikuwa imetia nanga muda si mrefu, akina mama wanapanga ndoo, wachuuzi wanapatana bei. Mara mama mmoja akapaza sauti na kumwita mzee anayesuluhisha mambo pale. Akamwelekezea kidole kijana mmoja aliyesimama kando ya mtumbwi, akasema, "Huyu amenikodolea macho tangu nifike. Mimi si mama yake?" Kijana akajibu, "Mama, mimi sijakutazama." Mchuuzi mwingine akadakia, "Nimemwona kwa macho yangu!"

Tazameni maneno hayo matatu: kukodolea, kutazama, kuona. Kila mmoja alishika kitenzi chake, na kila kitenzi kilikuwa na mashitaka yake.

Kuona hakuna nia. Jambo likikupitia mbele ya macho, umeliona, utake usitake. Ndiyo maana ni kitenzi cha shahidi. Ndugu zetu Wasukuma nao wanatenganisha kubona na kulola, na hiyo bona yao ni ndugu wa damu wa ona yetu. Kutazama kunataka nia: unageuza uso, unaelekeza macho. Kwa hiyo mtu anaweza kutazama asione, na anaweza kuona bila kutazama. Kuangalia kunakaribiana sana na kutazama, ila ndani yake mna kujali na kujihadhari. Tunasema "angalia usianguke," na mtu makini tunamwita mwangalifu. Hayo hayana ugomvi, tuyaache.

Ugomvi unaanza pale tunapovitaja viungo vyenyewe, yaani jicho na macho. Nimelisikiliza hili kwa muda mrefu, na naomba nanyi mlisikilize. Kutazama kwa haraka tunakusema kwa jicho moja: kutupa jicho, kupiga jicho, kutazama kwa pembe ya jicho. Mtu hana jicho moja, lakini lugha inampunguzia, kana kwamba lile la pili limebaki kwenye shughuli zake. Mnunuzi wa sangara akipita mezani anatupa jicho tu, hasimami. Muuzaji haudhiki, kwa sababu kutupa jicho hakumdai mtu chochote.

Kutazama kwa muda mrefu kunataka macho yote mawili: kukaza macho, kukodoa macho, kutumbua macho, kutoa macho. Hapo mtu amejitia mzima mzima. Hata hivyo havilingani. Anayekaza macho ana kusudi, anataka kuhakikisha. Anayetoa macho ameshikwa na hofu au ameumbuka, ndiyo maana watu husema "umetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango." Anayekodoa macho ameyafungua kupita kiasi na ameyaacha hapo hapo.

Mtaniambia kwamba watu husema pia "alitupa macho huku na huko." Ni kweli, wingi ule unakuja kwa sababu macho yanatawanyika. Na kuna kukata jicho, ambako ni jicho moja lakini kunauma kuliko mengi ya macho mawili. Anayekukata jicho anakugusa kwa ukingo wa jicho kisha anakuondolea uso, na ile kukuondolea ndiyo dharau yenyewe. Sikilizeni pia sarufi yake: tunasema "alimkata jicho," kama vile "alimkata mkono." Jicho ni la mkataji, lakini sentensi imepangwa kana kwamba aliyetazamwa ndiye aliyekatwa.

Sasa turudi kwa yule mama. Hakusema kijana amekodoa macho. Alisema amemkodolea, na kesi nzima imo katika silabi hiyo iliyoongezwa.

Kitenzi kukodoa kimeshabeba mzigo wake, nao ni macho. Hakina nafasi ya mtu. Ukitaka kumwingiza mtu, lazima umfungulie mlango, na mlango huo ni kauli ya kutendea: kodoa, kodolea, tumbua, tumbulia, kaza, kazia, tupa, tupia. Mlango ukifunguka, yule mtu anakuwa ametendewa jambo. Kukodoa ni hali ya uso wangu mimi. Kukukodolea ni kitu nilichokufanyia wewe, na kwetu mdogo akimfanyia mkubwa hivyo, amevunja adabu. Mwanamume akimfanyia mwanamke asiyemjua, watu watasema anamtamani.

Si kwamba kauli ya kutendea ni mbaya yenyewe. Pale kwenye kivuko cha Kamanga mtu anakwambia, "Naomba uniangalizie mzigo," na hapo mlango ule ule umemwingiza mtu anayefaidika. Kutazamia kumekwenda njia nyingine kabisa, kumekuwa kutarajia. Lakini tazameni kuona, kile kitenzi kisicho na nia. Kipe mlango na useme "ananionea," tayari umelalamika kwamba unadhulumiwa. Ongeza neno huruma, nayo dhuluma inageuka wema: "ananionea huruma." Mlango unasema tu kwamba jambo limemfikia mtu. Kama ni jema au baya, utalijua kwa neno linalofuata na kwa watu wenyewe.

Yule mzee hakusoma sarufi, lakini aliuliza swali ambalo mwalimu wa sarufi angejivunia. Alimgeukia mama akamwambia, "Mama, tulia. Alikodoa au alikukodolea?"

Mama akanyamaza. Mzee akaendelea, "Wewe ulipomtazama, yeye alifanya nini?"

Hicho ndicho kipimo, na kila aliyekulia mwaloni anakijua. Anayekukodolea, ukimrudishia macho atafanya jambo. Mwenye aibu atainamisha uso, mwenye tamaa atatabasamu au atakukonyeza, mjeuri atakaza zaidi. Macho yake yana habari na wewe, kwa hiyo yatajibu.

Mama akasema, "Hakufanya kitu. Hakupepesa hata."

Mzee akamwuliza kijana alilala saa ngapi. Hakuwa amelala. Mnajua dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana, kwa taa zinazowavuta hadi kwenye nyavu. Kijana alikuwa ametoka ziwani na kukesha kwake, amesimama, macho wazi, mbele yake amekaa mama na ndoo zake. Kiswahili kina neno la hali hiyo, nalo ni kutunduwaa. Macho yako wazi yote mawili lakini hayafanyi kazi ya mtu yeyote. Ukiwa mbali, aliyetunduwaa na anayekodolea wanafanana kabisa, na hapo ndipo watu wengi wanapokoseana.

Kwa hiyo kijana alisema kweli, hakutazama. Mchuuzi naye alisema kweli, aliona macho yaliyokodolewa. Mama peke yake ndiye aliyeongeza mlango ambao haukuwapo, na simlaumu, kwa sababu mwanamke anayefanya kazi pale tangu alfajiri amekodolewa mara nyingi kwelikweli.

Mama akamtazama yule kijana tena, safari hii kwa muda, toka miguuni hadi kichwani. Kisha akamwambia mwenzake aliyekuwa na chupa ya chai, "Mtilie huyu mtoto kikombe, ataangukia majini."