Shanti na Kikinzani cha Mfuatano: Kugeuza Galvanomita Kuwa Amita au Voltimita

Karibuni. Galvanomita iliyo hapa mezani ina koili ya omu 100, na mshale wake hufika mwisho wa kipimo mkondo ukiwa miliampia 1. Zidisha namba hizo mbili, upate volti 0.1. Hiyo ndiyo volteji koili inayoweza kubeba, na hesabu zetu zote za leo zinaanzia hapo.

Tunataka amita ya kupima hadi ampia 1. Koili itapitisha ampia 0.001 tu, kwa hiyo ampia 0.999 zilizobaki zitafutiwe njia ya pembeni. Njia hiyo tunaiita shanti, nayo hufungwa sambamba na koili. Volteji yao ni moja, basi gawa 0.1 kwa 0.999: shanti iwe ya omu 0.1001.

Dukani hutapata kikinzani cha namna hiyo, ila waya wa konstantani utakufaa. Wenye kipenyo cha milimita 1 una takriban omu 0.62 kwa mita, kwa hiyo unahitaji kama sentimita 16. Kata 18, kisha rekebisha kwa kulinganisha na amita unayoiamini: kadiri waya unavyokuwa mrefu, ndivyo mshale unavyozidi. Usitumie shaba. Ukinzani wake hupanda karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto, na shanti hupata joto ikifanya kazi.

Wengi hukosea kwenye viungo. Tuseme skrubu imelegea, ikaongeza omu 0.01 kwenye njia ya shanti. Ni kidogo mno, utasema. Lakini ni sehemu ya kumi ya shanti nzima! Mkondo wa ampia 0.5 utasomeka 0.55. Dawa yake ni kuzifunga nyaya za koili kwenye waya wa shanti wenyewe, katikati ya skrubu zinazopitisha mkondo mkubwa, ili ukinzani wa skrubu ubaki nje ya kipimo. Na shanti ifungwe kabla ya kuwasha umeme. Ikichomoka wakati umeme unapita, mkondo wote utaigeukia koili, nayo itaungua.

Voltimita ni rahisi zaidi. Kwa kipimo cha volti 10, gawa 10 kwa 0.001: jumla ni omu 10,000. Toa 100 za koili, ufunge kikinzani cha omu 9,900 kwa mfuatano. Hapa omu 0.01 ya kiungo haina athari yoyote.

Lakini voltimita hii inakula mkondo wa saketi unayoipima. Chukua betri ya volti 9 na vikinzani viwili vya omu 10,000 kwa mfuatano. Kila kimoja kina volti 4.5. Ukiiweka voltimita yetu juu ya kimoja, hapo panabaki omu 5,000, na mshale utaonyesha volti 3. Haijakosea: kwa wakati huo ni volti 3 kweli, kwa sababu yenyewe ndiyo imezishusha.