Jingo ya sekunde 12, na karatasi inayoiruhusu kupita redioni

(Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya mafundi wa redio na vijana wa studio)

Bamama, babaa, ndugu zangu, jambo kwenu wote. Leo nitashika kazi moja tu, niifuate mpaka mwisho. Mama mwenye duka la mikate huku Kamalondo anataka jingo ya sekunde 12 kwa spoti yake, yaani tangazo lake la redio la asubuhi. Hana pesa ya kuita orkestra studioni. Ninyi mna kompyuta na programu inayotoa muziki kutokana na maelezo ya maandishi. Tunaanzia wapi?

Tunaanza na saa. Ukichagua mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.6, na mapigo manne ni sekunde 2.4. Mafungu manne ya namna hiyo yanakula sekunde 9.6. Fungu la tano linakufikisha 12 kamili, na hilo ndilo nafasi ya kumalizia: nota ya mwisho inalia, inafifia, tangazo linaisha. Ukikosa hesabu hii utapewa muziki mzuri unaokatika katikati ya sentensi yake.

Sasa maelezo. Modeli hizi, yaani hizo programu za kutoa muziki, zimefundishwa zaidi kwa maelezo ya Kiingereza, kwa hiyo ukiandika kwa Kiswahili au Kifaransa matokeo yanayumba. Kwa duka letu ningeandika hivi:

```
upbeat Congolese rumba, clean electric guitar, low plucked banjo bass, shaker, 100 bpm, major key, instrumental
```

Angalieni nimeacha nini. Sikuandika «karindula», ingawa ndiyo sauti ninayoitaka. Neno hilo ni nadra mno katika maelezo ambayo modeli imesoma, na ukiliandika unapata gitaa lolote tu. Nimeeleza sauti yenyewe: banjo nzito, ya chini, inayodonolewa kwa vidole. Inasogea karibu, lakini haifiki. Ile ngozi iliyovutwa juu ya pipa haitoki. Pia sikuandika «bila waimbaji». Modeli haielewi vizuri kukataza: ukitaja waimbaji, mara nyingi unawaita. Andika unachokitaka, basi.

Chombo rahisi cha kuanzia ni MusicGen, ambayo Meta iliitoa mwaka 2023. Ukiisha kuweka maktaba ya audiocraft, mistari michache inatosha:

```python
from audiocraft.models import MusicGen
from audiocraft.data.audio import audio_write
m = MusicGen.get_pretrained('facebook/musicgen-small')
m.set_generation_params(duration=30)
wav = m.generate(["weka maelezo yako hapa"])
audio_write('jaribio', wav[0].cpu(), m.sample_rate, strategy="loudness")
```

Mbona sekunde 30, wakati tunataka 12? Kwa sababu modeli haijui kwamba wimbo lazima uishe. Ukiomba 12, inasimama ghafla pale sekunde 12 zinapofika. Ukiomba 30 unapata nafasi ya kuchagua mafungu manne mazuri katikati. Fungua faili katika Audacity, uhesabu mapigo kumi kwa mkono: kwa mwendo wa 100 yanapaswa kuchukua sekunde 6. Yakichukua 5.5, modeli imekwenda haraka kuliko ulivyoomba, na hesabu yako yote ya mafungu imeanguka, toa nyingine. Sehemu ikikaa sawa, kata juu ya pigo la kwanza la fungu, bonyeza herufi Z ili mkato uangukie pale wimbi linapovuka sifuri, usije ukasikia «tak». Mwishoni ongeza mwangwi kidogo, nota ya mwisho ipate kupumua.

Jina la duka lisemwe na mtu. Modeli hii haiimbi maneno, na hata zile zinazoimba hutamka majina yetu vibaya. Mwite mama mwenyewe mbele ya mikrofoni, ushushe muziki chini ya sauti yake.

Jingo iko tayari, inapendeza. Je, tunaipeleka redioni? Hapana. Hapa ndipo nawaomba mnisikilize kuliko popote, maana nimeona vijana wenye kipaji wakitoa fakture kwa kazi ambayo hawakuwa na ruhusa ya kuiuza.

MusicGen ina leseni mbili. Msimbo wa programu uko chini ya leseni ya MIT, ambayo inaruhusu biashara. Lakini faili za modeli yenyewe, zile nzito unazozipakua mara ya kwanza, ziko chini ya CC-BY-NC 4.0, na herufi NC zinamaanisha si kwa biashara. Wengi wanafungua ukurasa wa msimbo, wanaona MIT, wanafurahi, hawafiki kwenye leseni ya pili. Kuna wanaojadili kama katazo hilo linaugusa pia muziki unaotoka. Mimi sitamweka mama wa mikate katikati ya mjadala huo. MusicGen naitumia kujaribu maelezo na kumsikilizisha mteja mwelekeo. Spoti ya kulipwa naitengeneza kwa chombo kingine.

Kwa kazi hii ningechukua Stable Audio Open, iliyotolewa mwaka 2024. Inatoa hadi sekunde 47, stereo, na ilifundishwa kwa rekodi zenye leseni za Creative Commons. Leseni yake ya jumuiya inaruhusu biashara kwa yule ambaye mapato yake ya mwaka hayafiki dola milioni moja, ila anayefanya biashara anatakiwa kujiandikisha kwao. Maelezo yale yale, hesabu ile ile, mkato ule ule.

Wanaotumia huduma za mtandaoni kama Suno waangalie jambo lingine: ulikuwa kwenye mpango gani siku ile wimbo ulipotoka? Mpango wa bure hauruhusu biashara. Kulipa mwezi unaofuata hakuusafishi wimbo uliotengenezwa bure. Utengeneze upya ukiwa umelipa. Na masharti hubadilika, kwa hiyo siku hiyo hiyo uyahifadhi kama PDF, pamoja na maelezo uliyoandika, jina la modeli na tarehe. Vitu hivyo vinne vikae katika folda ya mteja.

Kijana mmoja pale nyuma ameuliza: «Mzee, kontra ya mteja inasema namwachia haki zote za utunzi. Nisaini?» Usisaini hivyo. Ruhusa ya kutumia ni kitu kimoja, kuwa mtunzi ni kingine. Ofisi ya Haki Miliki ya Marekani ilieleza Januari 2025 kwamba kuandika maelezo peke yake hakumfanyi mtu kuwa mtunzi wa kilichotoka. Sisi tuna sheria yetu ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986, na sioni msingi wa kwenda SOCODA, shirika letu la haki za watunzi, kutangaza muziki huo kuwa utunzi wako mtupu. Andika katika kontra kwamba unampa mteja sauti ya jina lake, maneno uliyoyatunga na kazi ya kuchanganya, na kwamba muziki wa chini umetoka kwa modeli fulani kwa leseni fulani. Usimwahidi kwamba hakuna mwingine atakayepata muziki unaofanana, kwa sababu huwezi kuzuia hilo.

Mteja akitaka kitu chake pekee, iko njia, na kwa duka hili ndiyo ningeipendekeza. Mwite mpiga karindula, umlipe kwa nota nne au tano za kumalizia, alizobuni mwenyewe, ziingie katika lile fungu la tano. Mwandikiane karatasi: amelipwa kiasi gani, redio zipi, kwa muda gani, na kama jina lake litatajwa. Nota hizo zina mtunzi, na ndizo watu wa Kamalondo watakazozishika masikioni.