Mkono Uliovimba Hadi Kiwiko, na Kidole Ambacho Hakikuvimba

Asanteni. Naomba nianze na wagonjwa wawili niliowapokea mchana mmoja, kwa sababu hao wawili wakikaa vichwani mwenu, kazi yangu ya leo imekwisha.

Wa kwanza ni bwana mmoja aliyeumwa na nyuki kwenye kidole cha kati jana yake asubuhi. Alipofika mkono umejaa hadi karibu na kiwiko, ngozi inang'aa, ina joto, na pete imezama kwenye nyama. Watu kwenye benchi walimpisha apite mbele. Wa pili ni mama aliyeshikwa mkono na mwanawe. Nyigu alikuwa amemuuma kidole cha mguu dakika 20 hivi zilizopita. Ukikitazama kidole chenyewe huoni kitu, kadoa kadogo tu. Mama mwenyewe anasema, "Daktari, mguu hauumi sana. Ila viganja vinaniwasha, na sauti yangu siielewi."

Yule wa mkono alikuwa na muda wa kusubiri. Yule wa kidole hakuwa nao.

Tuanze na mkono. Sumu ya nyuki au nyigu inaumiza nyama pale ilipoingia, na mwili unajibu kwa kumimina maji na seli za ulinzi eneo hilo. Kwa wengi uvimbe ni mdogo na hupungua baada ya saa chache. Kwa wengine unapita sentimita 10, unaendelea kukua kwa siku moja au mbili, kisha unachukua wiki nzima au zaidi kunywea. Huo ni mzio pia, sikatai, lakini ni mzio wa mahali pamoja. Alama yake ni kwamba uvimbe umeungana na pale mwiba ulipoingia. Weka kidole chako kwenye jeraha, kisha kipapase kwenda nje: unapita kwenye uvimbe mpaka ukingo wake bila kukutana na ngozi nzima katikati. Ukiumwa kwenye paji la uso, kesho yake kope zinaweza kufumba kabisa, kwa kuwa nyama ya kope ni laini na maji hushuka. Inatisha kwenye kioo, lakini bado ni uvimbe uleule ulioteremka.

Hapa kuna kosa ninaloliona mara kwa mara. Mtu anavimba siku ya pili, mkono una joto, anaambiwa "kidonda kimeingia wadudu" na kupewa antibayotiki. Uvimbe uliokua ndani ya siku mbili za mwanzo karibu kila mara ni sumu na mzio, si maambukizi. Maambukizi huchelewa. Uvimbe unakuwa umeanza kushuka, halafu siku ya tatu, ya nne au ya tano unarudi juu, maumivu yanazidi badala ya kuwasha, homa inakuja, pengine na usaha. Na tusiutegemee sana wekundu, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri. Tumia mgongo wa kiganja chako kusikia joto, na chora ukingo wa uvimbe kwa kalamu, uandike na saa. Kesho kalamu itakuambia kama unapanda au unashuka.

Yule bwana tulimtoa pete kwanza, kwa uzi na mafuta, kwa sababu pete ndiyo iliyokuwa hatari yake halisi: kidole kingekosa damu. Kisha kitambaa cha baridi, mkono juu ya mto, kidonge cha setirizini cha kuwasha, na cha maumivu. Basi.

Sasa twende kwa mama. Kwake sumu ilikuwa imeingia kwenye mwili uliokwisha kujiandaa. Mara uliyoumwa zamani, kinga yako inaweza kuwa ilitengeneza silaha dhidi ya sumu ile bila wewe kujua, na silaha hizo zimekaa kwenye seli zilizotapakaa mwili mzima. Safari hii zinalipuka zote pamoja. Ndiyo maana hoja ya "mimi nimeumwa miaka yote na sijawahi kudhurika" haina dhamana.

Kwa hiyo usiutazame mguu. Tazama mbali na mguu. Nilimfunua tumboni na kwapani: mabaka yaliyoinuka, yanawasha, na kati ya mabaka hayo na kidole cha mguu kuna paja zima ambalo halina kitu. Muunganiko haupo, na hilo tayari lilinitosha kuwa na wasiwasi. Kilichoniharakisha zaidi ni sauti. Ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyeshangilia mpira usiku kucha, na kila akimeza anashika shingo. Maana yake koo linavimba kwa ndani. Kifuani, wakati wa kutoa hewa, palikuwa na mlio mwembamba wa filimbi. Wengine hutapika ghafla au tumbo huwakata, wengine huona giza na kuanguka kwa sababu shinikizo la damu limeporomoka. Na wapo, hasa watu wazima, wanaoanguka bila baka hata moja, kwa hiyo ngozi safi isikutulize kama mtu anahema kwa shida.

Mama alikuwa ameshameza setirizini nyumbani. Dawa hiyo inapunguza kuwasha, ila haifungui koo wala haiinui shinikizo la damu. Dawa ya hali hii ni adrenalini, sindano ya kwenye msuli, upande wa nje wa paja, katikati. Kwa mtu mzima ni miligramu 0.5, na kwa mtoto ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi hiyo ya mtu mzima. Tulimchoma, dakika tano zikapita, filimbi ikawa bado ipo, tukamchoma ya pili. Ndipo sauti ikaanza kurudi. Tukamweka chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, maana hali hii inaweza kurudi hata kama hakuna aliyemuuma tena.

Jambo moja la nyumbani: mtu wa namna hii asitembezwe. Mlaze, miguu juu. Kama pumzi inambana, aketi, lakini asisimame, kwani damu ikishuka miguuni ghafla moyo unaweza kukosa cha kusukuma. Gari limfuate alipo.

Kuna mzee ameuliza kuhusu mwiba. Nyuki huacha mwiba na kifuko cha sumu kinachoendelea kusukuma. Wengi hufundishwa wakwangue kwa kisu, wasibane. Wakati unatafuta kisu sumu yote inakuwa imeingia. Utoe kwa kucha, sekunde hiyohiyo. Nyigu kwa kawaida haachi mwiba, ndiyo maana anaweza kurudia.

Na dada wa nyuma ameuliza kama ile kanuni ya muunganiko haikosei. Inakosea sehemu moja. Nyigu akiingia kwenye kopo la soda na kukuuma kwenye ulimi au kooni, uvimbe ni wa mahali pamoja kabisa, hauna mzio wa mwili mzima, lakini mahali penyewe ndiyo njia ya hewa. Huyo nyonyesha barafu mkiwa tayari njiani kwenda hospitali, msingoje sauti ibadilike.