Barua ya kudai hela: "kwa mujibu wa", "tunaambatanisha" na "natanguliza shukrani" (mhadhara kwa makatibu wa vikundi, Kirumba)

Shikamooni wazee wangu, mama zangu wa dagaa shikamooni, vijana mambo vipi. Nimeombwa niongee na makatibu wa vikundi kuhusu barua za kudai malipo, na leo sitagusa barua nzima, nachukua vile vipande tunavyovibandika kila barua bila kuvisoma, maana mdaiwa mjanja anavisoma, na mwanasheria wake anavisoma zaidi.

Nimetunga barua ya mfano, hakuna mtu wa kweli humo. Kikundi kimeuza gunia 40 za dagaa kwa mteja wa Dodoma, gunia moja shilingi 120,000, kalipa nusu, imebaki 2,400,000. Katibu kaandika hivi:

"Husika na somo tajwa hapo juu. Ulichukua gunia 40 za dagaa na hukulipa kwa mujibu wa makubaliano yetu. Pamoja na barua hii tunaambatanisha hapa vielelezo husika. Tukitarajia ushirikiano wako mzuri. Natanguliza shukrani."

Hiyo "husika" futeni tu, ni kumwamuru mtu ahusike na kichwa cha barua ambacho ameshakisoma. Hata mwandishi mwenyewe hajielewi yuko wangapi, mara "tunaambatanisha" mara "natanguliza". Barua ya kikundi ni "tu" kuanzia juu mpaka chini.

Sasa tukae kwenye "hukulipa kwa mujibu wa makubaliano yetu", hapa ndo kuna hela. Someni tena taratibu. Katibu alitaka kusema makubaliano yalimtaka alipe na yeye hakulipa. Lakini sentensi inaweza kusomeka kwamba hakulipa kwa sababu makubaliano yanasema asilipe, yani kutolipa kwake ndo kunafuata makubaliano! Au tena kwamba alilipa, ila si kwa namna mliyokubaliana. Maana tatu kwenye maneno sita, na mdaiwa atachagua inayomfaa yeye. Shida inatokana na kuiweka "kwa mujibu wa" nyuma ya kitenzi cha kukana, ile "hu" ya "hukulipa" inavuta kila kilicho nyuma yake. Dawa yake ni kuihamishia mwanzo wa sentensi, uifunge kwa koma, alafu iongoze kitenzi cha kukubali: "Kwa mujibu wa kipengele cha 2 cha makubaliano, ulitakiwa kulipa kabla ya tarehe 3 Aprili." Nukta. Kisha sentensi nyingine fupi: "Mpaka leo hatujapokea." Koma inakaa baada ya kipande kizima, baada ya neno "makubaliano", isikae katikati ya "kwa mujibu wa" na kile kinachofuata, nimeziona barua zinaandika "kwa mujibu wa, makubaliano" na macho yanajikwaa pale.

Alafu kuna maana yenyewe. Kwa mujibu wa nini? Hayo maneno yanaegemea kitu chenye nguvu au chanzo kinachoweza kuonyeshwa, sheria, mkataba, kifungu, taarifa ya mtu anayejulikana. Ukiyaandika lazima msomaji aweze kwenda kukikuta hicho kitu, kwahiyo taja tarehe na kipengele. Kama mliongea kwa simu tu, usiivalishe simu nguo ya mkataba, andika ilivyokuwa: "Kama tulivyokubaliana kwa simu tarehe 3 Machi, nusu iliyobaki ungeilipa ndani ya mwezi mmoja." Hapo umetaja siku na umetaja kilichosemwa, akitaka kubisha itabidi abishe jambo lenyewe. Na "kwa mujibu wa barua yako ya tarehe fulani" wakati barua yake ilikuwa inauliza bei tu, haifai kabisa, swali halimpi mtu mamlaka, andika "Tumepata barua yako ya tarehe fulani" uendelee.

Mama mmoja hapo nyuma ananiuliza vipi kuhusu "kulingana na". Inafaa, mama, ni laini kidogo, inabeba vizuri vitu kama bei ya siku au uzito: "bei itapanda na kushuka kulingana na soko". Kwenye deni lenye karatasi mimi nabaki na "kwa mujibu wa".

Twende kwenye viambatanisho. "Pamoja na barua hii tunaambatanisha hapa", kitu kimoja kimesemwa mara tatu, kuambatanisha tayari ni kuweka pamoja, sasa "pamoja" na "hapa" za nini. Tena "pamoja na" ina maana nyingine tunayoitumia kila siku, ile ya "licha ya": pamoja na kukukumbusha mara nyingi bado hujalipa. Mtu akianza sentensi na "Pamoja na barua hii" msomaji anaweza kusubiri malalamiko yanayokuja. Lakini kosa kubwa zaidi ni "vielelezo husika". Vipi? Vingapi? Siku hizi barua inatumwa kwa wasapu, barua peke yake, picha za risiti peke yake, mpokeaji anaprinti barua tu inaingia kwenye faili, baada ya miezi hakuna anayejua vilikuwa karatasi ngapi. Andikeni kwa majina: "Tumeambatanisha nakala ya makubaliano ya tarehe 3 Machi na nakala ya hati ya kupokea mzigo yenye sahihi ya dereva wako." Na chini kabisa baada ya sahihi: "Viambatanisho: 2". Mtu akikuta kimoja anajua kingine kimepotea. Na usiandike kabla hujaviweka, viweke kwanza mkononi ndo uvitaje.

Mwisho wa barua sasa. "Tukitarajia ushirikiano wako mzuri", nukta. Hii haijaisha! Ile "ki" inasubiri tendo lingine, ukimwambia mtu "tukifika Sengerema" ukanyamaza atakuuliza, mkifika, ndo nini? Mtindo huu una historia. Barua za Kiingereza za zamani zilimalizika kwa sentensi moja ndefu, inaanza na "nikikushukuru mapema", inafuata koma, inaingia "nabaki mtumishi wako mtiifu", na chini yake sahihi. Kwahiyo koma ilikuwa na kazi, sentensi ilikuwa inashuka mpaka kwenye jina la mwandishi. Sisi mkia tumeukata, kichwa tumekibakiza tukakipigia nukta. Chagueni: ama "Tunatarajia utatujibu." na nukta yake, ama mfute kabisa. "Wako," pale juu ya sahihi inabaki na koma kwa sababu jina linafuata.

Na "natanguliza shukrani"? Sarufi yake haina tatizo, ni sentensi kamili. Inafaa ukimwomba mtu kitu kidogo ambacho yuko tayari kukifanya, kama kukutumia fomu. Kwenye deni inaharibu, unamshukuru kwa kulipa chako mwenyewe, naye anasoma kwamba kulipa ni hisani ambayo anaweza kuisogeza mbele. Pia haisemi lini. Weka kiasi na siku, shukrani mtumieni kwa meseji hela ikishaingia.

Barua yetu sasa inasomeka hivi:

"Tarehe 3 Machi ulichukua gunia 40 za dagaa kwa shilingi 120,000 kila gunia, ukalipa nusu. Kwa mujibu wa kipengele cha 2 cha makubaliano tuliyosaini siku hiyo, nusu iliyobaki ulitakiwa kuilipa kabla ya tarehe 3 Aprili. Mpaka leo hatujaipokea. Tumeambatanisha nakala ya makubaliano na nakala ya hati ya kupokea mzigo. Tunataka utulipe shilingi 2,400,000 kabla ya tarehe 30 Aprili.

Wako,"

Sasa toeni zile barua zenu mlizokuja nazo, tuanze na ya kikundi kilichokaa mlangoni.